Dhoruba kwenye picha tulivu: dimbwi ndilo linaloumbua kazi

Mtu anayetaka kugeuza picha tulivu ya mandhari iwe picha ya dhoruba kwa kawaida huanza na radi, kwa kuwa radi ndiyo inayovutia. Hutafuta radi nzuri, akaibandika juu ya vilima, akaweka mawingu meusi nyuma yake, na mwishoni akageuza nusu ya juu ya picha kichwa chini na kuilaza ardhini ili pawe kama pamelowa. Kila kipande kikitazamwa peke yake kinapendeza. Vikikaa pamoja, jicho linakataa, hata jicho la mtu ambaye hajawahi kushika kamera.

Linakataa kwa sababu katika dhoruba vitu hivi vitatu ni kitu kimoja. Mawingu ndiyo taa inayomulika nchi nzima. Ardhi iliyolowa ni kioo cha taa hiyohiyo. Radi nayo ni taa ya pili inayowaka kwa muda usiofika sekunde moja na kuacha alama kwenye mawingu na kwenye maji. Ukibadilisha mawingu umebadilisha taa, kwa hiyo lazima ubadilishe kila kilichomulikwa nayo. Ndiyo maana mimi huanza na mawingu, nikaenda kwenye mwanga wa ardhi, nikafuata maji, na radi nikaiweka mwisho kabisa. Sehemu ya maji ndiyo nitakayokaa nayo muda mrefu, kwa sababu ndiyo ngumu na ndiyo inayofanywa vibaya mara nyingi.

Tutumie picha moja mwanzo hadi mwisho. Barabara ya vumbi inanyooka kuelekea vilima vya mbali, nyasi zipo pande zote mbili, na mti mmoja umesimama kushoto, mita 20 kutoka kwa mpiga picha. Ilipigwa asubuhi yenye mawingu mepesi meupe. Kamera ya fremu nzima ilikuwa kwenye miguu mitatu, mita 1.5 kutoka ardhini, imesawazishwa vizuri, ikiwa na lenzi ya milimita 24. Faili ilikuwa na pikseli 6000 kwa upana na 4000 kwa kimo, kisha ikakatwa pikseli 600 za juu. Kwa hiyo sasa upeo wa macho uko pikseli 1400 kutoka juu na pikseli 2000 kutoka chini. Shika namba hizo mbili, 1400 na 2000, zitaleta tatizo huko mbele.

Picha ipi inafaa

Kabla ya lolote, tazama kivuli cha mti. Kikiwa na ukingo mkali kama uliokatwa kwa wembe, picha hiyo ilipigwa juani, na hakuna wingu utakaloweka juu litakalokifuta. Unaweza kukipunguza weusi, lakini nyasi zilizo nje ya kivuli bado zitakuwa na mng'ao upande mmoja tu wa kila jani, na mng'ao huo utaendelea kusema kuna jua. Picha ya mawingu mepesi kama hii yetu haina shida hiyo. Mwanga ulikuwa ukishuka kutoka angani kote, sawa na unavyoshuka chini ya wingu la dhoruba, isipokuwa ulikuwa mwingi zaidi.

Faida ya pili ni anga lenyewe kuwa jeupe. Kwenye matawi ya mti, ambako kukata jani moja moja ni adhabu, weupe huo unafanya kazi badala yako. Weka leya ya mawingu ya dhoruba juu ya picha, chagua hali ya `Multiply`, kisha kwa `Curves` pandisha anga la zamani hadi likaribie weupe kamili. Hali hiyo huzidisha thamani za leya mbili. Palipo na weupe chini panabaki wingu la dhoruba kama lilivyo, na palipo na jani la giza panabaki jani. Baada ya hapo unachora maski kwa brashi laini kuondoa mawingu kwenye ardhi na vilima, bila kugusa jani hata moja. Anga la zamani lingekuwa la buluu, buluu hiyo ingeingia ndani ya mawingu na ujanja huu usingefaa.

Angalia matokeo kwa ukubwa wa asilimia 200, hasa kwenye mstari wa vilima. Ukiona uzi mweupe mwembamba umezunguka vilima, maski imeishia juu mno. Sogeza ukingo wake chini pikseli mbili au tatu.

Mawingu yenyewe

Wingu la radi lina kitako cheusi kilicho bapa, na giza hilo linatokana na unene wake, kwa kuwa mwanga wa juu haufiki chini. Mbali kwenye upeo, mahali wingu linapoishia, mara nyingi hubaki ukanda wa mwanga. Ukanda huo ni wa thamani kubwa. Ndio unaokatia umbo la vilima, na ndio utakaong'aa kwenye maji ya mbali. Picha ya mawingu isiyo na ukanda huo, yaani iliyo nyeusi hadi chini, hunipa kazi maradufu, na mara nyingi naiacha.

Mawingu nayo yana mtazamo wake wa mbali na karibu, kama barabara. Yaliyo juu ya kichwa huonekana kama mabonge makubwa, na kadiri yanavyokwenda upeoni yanabanana na kuwa mistari myembamba iliyolala. Mawingu yaliyopigwa kwa lenzi ndefu, tuseme ya milimita 200, hayana mpito huo kwa sababu yanaonyesha kipande kidogo tu cha anga. Ukiyatandaza juu ya picha ya milimita 24, bonge kubwa linakaa juu ya kilima kana kwamba lipo mita mia moja tu. Tafuta mawingu yaliyopigwa kwa lenzi pana, na upeo wake ulale juu ya upeo wako.

Hapa ndipo zile namba zinaporudi. Tunahitaji mawingu yenye kimo cha pikseli 2000 juu ya upeo, ingawa yatakayoonekana ni 1400 tu. Sababu tutaiona kwenye maji. Kwa sasa ongeza turubai pikseli 600 kwa juu, tandaza mawingu hadi huko, na usikate kitu.

Ardhi chini ya taa mpya

Wingu jeusi likishakaa, ardhi ya asubuhi inaonekana kama imemulikwa na taa ya studio. Ardhi haiwezi kung'aa kuliko anga linaloimulika, isipokuwa jua liwe limepenya kwenye mwanya mahali fulani. Chukua kipimo cha rangi upime thamani kwenye skrini, kuanzia 0 hadi 255. Katika picha yetu kitako cha wingu kilisoma kama 70, ukanda wa upeoni 150, huku nyasi zikiwa bado na 120. Nyasi zing'ae kuliko wingu lililo juu yake? Nilizishusha kwa `Curves` hadi karibu 60, nikavuta katikati ya mkunjo na kuziacha ncha, ili vivuli visizibe kabisa.

Rangi haihitaji fujo. Punguza kidogo manjano ya nyasi kwa sababu mwanga wa jua haupo. Usiziondolee kijani chake. Nyasi zilizolowa hukoleza rangi badala ya kuipoteza, na wanaopaka kila kitu kijivu cha buluu hupata picha ya baridi kali badala ya picha ya mvua.

Vilima vya mbali vififishe. Mvua inapokuwa kati yako na kilima, huonekana kama pazia la kijivu linaloshuka kutoka kwenye wingu. Leya moja ya kijivu kilichochukuliwa kutoka kwenye ukanda wa upeoni, ikiwa na brashi laini na uwazi wa asilimia 30 hivi, inatosha.

Pazia hilo linadai uamuzi. Je, mvua iko wapi? Nimeamua imeshapita barabarani na sasa iko vilimani. Uamuzi huo unaniruhusu kuwa na madimbwi yaliyotulia mbele yangu. Anayenyeshea matone ya mvua picha nzima na hapohapo akaweka madimbwi laini kama kioo amejipinga mwenyewe, kwa sababu kila tone huvunja uso wa maji.

Maji: kwanza giza, kisha kioo

Ardhi iliyolowa hubadilika mara mbili, na wengi hufanya badiliko la pili tu. La kwanza ni giza. Udongo mkavu una hewa kati ya chembe zake, na mwanga ukigonga hurudi upesi. Maji yakijaza nafasi hizo mwanga huzama zaidi kabla ya kurudi, na sehemu yake inapotaka kutoka hurudishwa ndani na utando wa maji ulio juu. Kwa hiyo udongo uleule unakuwa mweusi zaidi na wenye rangi nzito zaidi. Barabara ya vumbi iliyokuwa na thamani ya 150 niliishusha hadi karibu 75, nikaongeza ukolevu wa rangi kidogo. Ukiruka hatua hii na kuweka taswira ya anga juu ya vumbi jeupe, unapata barabara inayofanana na plastiki.

La pili ni kioo, na kioo hiki kina tabia mbili zinazopaswa kuheshimiwa. Kwanza, nguvu yake inategemea pembe unayotazamia. Ukitazama maji moja kwa moja kutoka juu, yanarudisha asilimia 2 tu ya mwanga, ndiyo maana unaona chini ya dimbwi lililo miguuni pako. Ukiyatazama kwa mlalo, yanarudisha sehemu kubwa. Kwa kamera yetu ya mita 1.5, maji yaliyo mita 3 mbele, yaani kwenye ukingo wa chini wa picha, yanarudisha kama asilimia 8. Mita 6 mbele ni asilimia 23. Mita 12 ni 47, na mita 30 ni 73. Taswira basi inapaswa kuwa hafifu karibu na kukolea kadiri barabara inavyokwenda mbali. Watu wengi hufanya kinyume, kwa sababu dimbwi la karibu ni kubwa na linatamanisha.

Asilimia hizo usizichukue moja kwa moja kuwa uwazi wa leya. Thamani za pikseli haziendi sambamba na kiasi cha mwanga. Pikseli yenye nusu ya thamani hutoa karibu moja ya tano tu ya mwanga. Ukiweka leya ya taswira kwenye hali ya `Screen`, ambayo huongeza mwanga tu bila kutia giza, na kuipa maski ya mpito, kijivu cha maski kwenye ukingo wa chini kiwe kama asilimia 32 ya weupe, pikseli 1000 chini ya upeo kiwe 51, pikseli 500 kiwe 71, na pikseli 200 kiwe 87. Ni makadirio, ila yako karibu kiasi kwamba baada yake nimewahi kusogeza kidogo tu kwa jicho.

Na umbali nimeupataje kutoka kwenye pikseli? Kwa lenzi na faili hii, gawanya 6000 kwa idadi ya pikseli zilizo chini ya upeo, utapata mita. Pikseli 2000 ni mita 3, pikseli 500 ni mita 12. Hiyo 6000 si upana wa picha, imetokea tu kufanana nao. Ni kimo cha kamera, mita 1.5, mara urefu wa lenzi ukipimwa kwa pikseli: fremu nzima ina upana wa milimita 36 kwa pikseli 6000, hivyo milimita 24 ni pikseli 4000. Kwa kamera nyingine piga hesabu hiyohiyo.

Kioo kinageuza nini, na wapi

Tabia ya pili ndiyo inayoumbua kazi nyingi. Taswira ndani ya maji si nakala ya picha iliyopinduliwa. Ni mandhari yaleyale yakitazamwa na kamera iliyozama chini ya ardhi kwa kimo kilekile ambacho kamera yako iko juu. Kwa vitu vya mbali sana, yaani mawingu, radi na vilima, tofauti ya kamera hizo mbili haina maana, na kupindua kwa kutumia upeo kama bawaba ni sahihi. Kwa vitu vya karibu, bawaba iko pale kitu kinapogusa ardhi.

Tuuchukue mti. Uko mita 20, hivyo shina lake linagusa ardhi pikseli 300 chini ya upeo. Una kimo cha mita 6, na kileleni unafika pikseli 900 juu ya upeo. Jumla ni pikseli 1200. Taswira yake ianzie kwenye shina na kushuka pikseli 1200 nyingine, hadi pikseli 1500 chini ya upeo. Anayepindua picha nzima kwenye upeo anapata kilele cha mti kikiwa pikseli 900 chini, yaani kimekosea kwa pikseli 600, na mbaya zaidi shina la taswira linaelea hewani mbali na shina la kweli. Ukiona mti na taswira yake havikutani miguuni, umeona kosa hilo.

Kwa hiyo kata mti uwe leya yake, tumia `Flip Vertical`, ukalishe shina kwa shina. Mawingu na vilima viwe leya nyingine iliyopinduliwa kwenye upeo. Mti ukae juu ya mawingu, kama ulivyo angani.

Sasa linaeleweka kwa nini tulihitaji mawingu ya pikseli 2000. Kwa kamera iliyosawazishwa, maji yaliyo pikseli kadhaa chini ya upeo huonyesha anga lililo idadi ileile ya pikseli juu ya upeo. Dimbwi lililo kwenye ukingo wa chini, pikseli 2000 chini, linaonyesha anga la pikseli 2000 juu, na picha yetu inaishia 1400. Lile anga la ziada tulilolificha juu ya turubai linaonekana ndani ya dimbwi tu. Asiyekuwa nalo hulazimika kuvuta mawingu yawe marefu ili yafike, na mvuto huo unaonekana mara moja kwa sababu mabonge ya wingu kwenye maji hayalingani na ya juu.

Maji yakae wapi barabarani? Yafuate mabonde ya magurudumu na kingo za barabara, mahali ambapo yangetuama kweli. Umbo la dimbwi lina kanuni rahisi. Duara lililolala ardhini huonekana limebanwa, na kubanwa kwake ni umbali ukigawanywa kwa kimo cha kamera. Mita 6 mbele, dimbwi la duara lina upana mara 4 ya kimo chake. Mita 12 mbele ni mara 8: dimbwi la mita 1 litakuwa na upana wa pikseli 333 na kimo cha pikseli 42 tu. Madimbwi ya mbali ni nyuzi za mwanga zilizolala. Ukiyachora kama mayai, barabara inasimama wima.

Kati ya madimbwi kuna tope, nalo linaakisi kwa namna nyingine. Uso wake una mikwaruzo midogo, kila mmoja ukiwa kioo kilichoinama kidogo, na matokeo yake ni taswira inayovutika kwa wima tu. Nakili leya ya taswira, tumia `Motion Blur` kwa pembe ya 90, umbali wa pikseli 150 au zaidi, halafu iache ionekane kwenye tope kwa nguvu ndogo kuliko ya madimbwi. Usitumie `Gaussian Blur` hapa. Inafifisha pande zote, na tope linaonekana kama kioo kilichoingia mvuke. Nyasi haziakisi kitu kwa namna hii, zinakoleza rangi tu, hivyo maski isizipitie.

Ukingo wa dimbwi ndio unaoliuza. Maji huishia kwenye tope lililoloa, kisha udongo usioloa sana, na kila kokoto linalochomoza ndani ya maji huwa na taswira yake fupi. Rudisha kokoto tano au sita kwa kufuta maski juu yake, kisha chora chini ya kila moja kivuli kifupi cha giza. Ni kazi ya dakika kumi, na bila hiyo dimbwi linaonekana kama stika.

Radi mwisho

Radi nzuri kwa kazi hii ni iliyopigwa usiku dhidi ya anga jeusi. Kwenye hali ya `Screen` weusi unatoweka na mwanga unabaki. Lakini anga la usiku mara chache huwa na thamani ya 0. Likiwa na 12 tu, utaona mstatili hafifu wa kijivu kuzunguka radi, hasa ukipunguza ukubwa wa picha. Kwa `Levels` sukuma kikomo cha weusi hadi mstatili upotee, na ukingo wa leya ufute kwa brashi laini.

Umbo lake liheshimu maumbile. William Jennings wa Philadelphia alipofaulu kupiga picha ya radi mwaka 1882, ilionekana wazi kwamba radi haiendi kwa kona kali za zigizaga walizozoea kuchora wachoraji. Inapindapinda kama mto, na katika radi ya kawaida inayoshuka ardhini matawi yake huelekea chini. Kwa hiyo unaweza kuigeuza kulia kushoto, lakini usiigeuze juu chini ili kupata umbo jipya. Mkondo mkuu ni mweupe kabisa, matawi ni membamba na hafifu zaidi, na yanafifia kabla ya kufika ardhini.

Katika picha yetu radi inatoka kwenye kitako cha wingu pikseli 700 juu ya upeo na kuishia nyuma ya kilima, pikseli 60 juu ya upeo. Kitako cha wingu kikiwa kilomita 1 kutoka ardhini, radi hiyo iko karibu kilomita 6. Mkondo wa radi wenyewe una unene wa sentimita chache tu. Kinachoonekana kinene kwenye picha ni ukali wa mwanga unaofurika kwenye lenzi na kwenye kihisi. Kwa umbali huo, mkondo mkuu wa pikseli 4 hadi 6 na matawi ya pikseli 1 au 2 unatosha. Radi nene ya pikseli 30 inaonekana kama bomba lililo karibu, ilhali inapita nyuma ya kilima.

Wingu linalozunguka mahali radi inapotokea lazima liwake. Usipake doa la mwanga kwa brashi, kwa kuwa doa halina umbo la wingu. Nakili leya ya mawingu, iweke kwenye `Screen`, ipe maski nyeusi, kisha fungua kwa brashi kubwa laini pale tu radi inapotoka na kando ya njia yake. Mabonge yenyewe ya wingu ndiyo yatakayong'aa, na mikunjo yake itabaki. Ongeza buluu ya mbali sana. Ardhi isiyo na maji usiiguse, na shina la mti mita 20 kutoka kwako usiliwashe, maana taa iliyo kilomita 6 nyuma ya mti haiwezi kumulika upande unaotazama kamera.

Kisha maji yaipokee radi. Kwa kuwa iko mbali, bawaba yake ni upeo, na taswira yake inashuka wima, katika safu ileile ya pikseli. Inaanzia pikseli 60 na kuishia pikseli 700 chini ya upeo, sehemu iliyo karibu na kilima ikimezwa na taswira ya kilima chenyewe. Pikseli 700 ni ardhi iliyo mita 8 na nusu mbele. Maana yake ni kwamba dimbwi kubwa lililo miguuni, mita 3 mbele, haliwezi kuwa na radi ndani yake. Linaonyesha wingu lililo juu sana, ambalo radi haijafika.

Nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza nilikuwa na picha niliyoikamilisha, yenye radi ikimeta ndani ya dimbwi la mbele kabisa, na niliipenda sana. Nilikuwa nimehisi kwa wiki nzima kwamba kuna kitu hakijakaa, nikawa nabadilisha rangi ya mawingu bila kupata nafuu. Nilipoifuta radi ile kwenye dimbwi la mbele na kuipeleka kwenye nyuzi za maji zilizo mbali, ikakatikakatika juu ya tope kati ya dimbwi na dimbwi, picha ilitulia hapohapo. Kwenye tope radi haionekani kama radi. Inakuwa mchirizi mweupe ulionyooka wima, umevutwa na ileile `Motion Blur` ya pembe ya 90.

Kilichobaki ni chembechembe. Mawingu, radi na barabara vimetoka kwenye kamera tofauti, na ukikuza utaona anga ni laini huku barabara ina punje, au kinyume chake. Unganisha kila kitu kwenye leya moja mpya, weka juu yake punje za `Add Noise` kiasi cha asilimia 2 au 3, rangi moja, ili picha nzima iwe na ngozi moja. Ndipo sasa unaweza kukata zile pikseli 600 za anga zilizokuwa zimefichwa juu.